Macho ya Nani? Jinsi Sentensi Moja ya Mahojiano Inavyofika Kuwa Dhamira

"Mimba changa huitangazi. Watu wana macho. Halafu ukienda kule bila mwenza unarudishwa, sasa mimi ningeenda na nani? [Anacheka.] Nikatulia. Tumbo lilipotoka ndiyo nikaenda."

Tuseme maneno haya yamo ukurasa wa nne wa mahojiano na mama wa miaka 24, aliyeanza kliniki ya wajawazito mimba ikiwa na miezi sita. Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12. Mtafiti amehoji akina mama 15 wa aina hii na anataka kujua nini kiliwaweka nyumbani. Mama huyo nimemtunga mimi, na wenzake 14 pia, ili tuweze kuifuata sentensi moja tangu inapotoka kinywani hadi inapoingia kwenye ripoti. Kazi ya kuifikisha huko huitwa uchambuzi wa dhamira.

Neno dhamira tunalijua tangu darasa la fasihi: ni lile jambo linaloshikilia hadithi nzima, hata kama mwandishi hakulitamka. Kwenye mahojiano maana yake ni hiyo hiyo, isipokuwa waandishi ni wengi na hakuna aliyekusudia kuandika hadithi. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili, Virginia Braun wa New Zealand na Victoria Clarke wa Uingereza, walichapisha makala yaliyoeleza hatua sita za kazi hii: kuyazoea maandishi, kubandika misimbo, kujenga dhamira za awali, kuzipima, kuzipa mipaka na majina, kisha kuandika. Baadaye walilazimika kurudi kufafanua, kwa sababu watafiti wengi walizifuata hatua kama kanuni za kupika wali na bado ripoti zao zilisema "dhamira zifuatazo ziliibuka". Dhamira haiibuki yenyewe kama uyoga baada ya mvua. Kuna mtu aliyeijenga, na msomaji ana haki ya kuoneshwa alivyoijenga.

Ujenzi huo huanza kabla ya msimbo wa kwanza, pale sauti inapogeuzwa maandishi. Saa moja ya mahojiano hula saa nne hadi sita za kunakili, na mara nyingi zaidi. Mwenye haraka huacha kicheko na kimya, au hutafsiri moja kwa moja kwenda Kiingereza kwa kuwa ripoti itaandikwa kwa lugha hiyo. Hapo ndipo "watu wana macho" huharibika. Mfasiri mmoja ataandika kwamba majirani ni wambea, mwingine ataandika kwamba mama anaogopa kijicho, yaani jicho baya linaloweza kudhuru mimba. Hizo ni hofu mbili tofauti. Ukinakili Kiswahili kama kilivyosemwa na kuchambua kwa Kiswahili, utata unabaki mezani ambapo unaweza kuuchunguza. Tafsiri isubiri nukuu chache zitakazoingia kwenye ripoti.

Baada ya kusoma mahojiano yote, angalau mara mbili na mara moja ukiwa na sauti masikioni, unaanza kubandika misimbo. Msimbo ni maneno machache unayoandika pembeni mwa kipande cha maandishi kueleza kina nini kinachohusu swali lako. Wengi hutumia programu kama NVivo, wengine kalamu za rangi. Programu inakutunzia vipande, kufikiri bado ni juu yako.

Anayeanza angeweza kuandika "mwenza" pembeni mwa maneno ya mama yetu. Msimbo huo ni dhaifu, na kuna jaribio rahisi la kuugundua: funika maandishi, soma msimbo peke yake, kisha ujiulize kama unajua mama alisema nini. "Mwenza" hausemi kitu. Huenda alimsifu, huenda alimlaumu. "Kwenda bila mwenza ni kujitakia kurudishwa" unasema. Kipande kile cha mistari mitatu kinabeba pia "mimba changa haitangazwi", "kuna wanaotazama" na "tumbo ndilo linaloamua lini". Misimbo hii inakaa juu ya maneno yenyewe. Kuna mingine inayochimba chini yake. Swali "ningeenda na nani?" lililofuatwa na kicheko linaweza kupewa msimbo "aibu ya kutokuwa na wa kuongozana naye". Mama hakuitaja aibu. Mtafiti ameisoma, na inampasa aweze kuonyesha aliisoma wapi.

Ukimaliza mahojiano ya 15, rudi kwenye la kwanza, safari hii ukianzia mwisho kuja mwanzo. Jicho ulilokuwa nalo siku ya kwanza silo ulilo nalo sasa, na mahojiano yaliyosomwa mapema ndiyo huwa na misimbo mibovu zaidi.

Sasa tuna misimbo 70 hivi, na hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Njia nyepesi ni kuipanga kwenye vikapu: mila, mwenza, umbali, wahudumu. Ripoti inapata sura nne safi, nazo zinafanana mno na maswali manne aliyouliza mtafiti. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba hakuna kilichochambuliwa. Kikapu kinakusanya yote yaliyosemwa kuhusu jambo fulani hata kama yanapingana. Dhamira ina wazo moja katikati, na kila kipande kilichomo kinalibeba wazo hilo kwa namna yake.

Tuwatazame akina mama wetu tena. Kwenye vikapu, macho ya watu yangekuwa chini ya mila na kurudishwa kungekuwa chini ya mwenza. Lakini mama aliyasema kwa pumzi moja, na neno "halafu" linayaunganisha. Yana nini pamoja? Mtafiti anaandika jibu la awali: "Mimba changa ni siri." Linapendeza, na linavishika vipande vingi.

Kisha linafika mahali pa kupimwa. Dhamira hupimwa mara mbili: kwanza dhidi ya vipande vyake, halafu dhidi ya mahojiano yote, hasa ya mtu asiyeikubali. Katika mfano wetu mtu huyo ni mama wa tisa. Mimba yake iliyotangulia iliharibika, kwa hiyo hii aliianzishia kliniki mapema, wiki ya nane. Mtafiti mvivu atamweka kando kama kisa cha pekee. Mwenye bidii atamsoma upya na kukuta sentensi aliyoipita: alipanda daladala mbili kwenda zahanati ya kata nyingine, "huku kwetu wangejua". Kumbe naye alificha. Siri haikumzuia kupata huduma, ilimchagulia mahali. Na yule wa kwanza, aliyekosa wa kuongozana naye, alishindwa kuingia kwa sababu getini angetakiwa kuonyesha uhusiano ambao bado haukuwa na jina.

Dhamira inabadilika. Kinachowaunganisha ni zaidi ya siri: kwao kliniki ni mahali pa hadhara. Kupanga foleni pale ni kuwatangazia majirani kwamba una mimba, na kuambiwa uje na mwenza ni kutakiwa umtangaze mwanaume. Mtafiti anaipa jina, "Kuingia kliniki ni kutangaza", na kuandika aya fupi ya mipaka yake. Umbali na nauli havimo, hata kama vilitajwa sana, kwa sababu havibebi wazo hilo. Idadi ya waliotaja jambo haitoshi kulifanya dhamira, na mtu mmoja anayekupinga anaweza kukufundisha kuliko kumi wanaokubaliana nawe.

Mpaka hapa nimemtaja mtafiti kama vile hana sura. Tuseme ni muuguzi wa miaka 10, sasa yuko masomoni. Akina mama walimwamkia "shikamoo daktari" na wengine walimwambia "nyie wa hospitali". Je, wangemweleza kwa urahisi jinsi wauguzi wanavyowarudisha? Kicheko cha mama yetu huenda kilikuwa njia ya kulalamika mbele ya mlalamikiwa. Maelezo ya aina hii hayafai kufichwa wala kuombewa radhi. Ni sehemu ya ushahidi, na kuyachunguza ndiko kujimulika.

Kujimulika hakumalizwi na sentensi moja ya "mimi ni mwanamke na ni muuguzi" kwenye sura ya mbinu. Kunafanyika kila siku, kwenye daftari. Siku moja anaandika: "Leo nimebandika 'kuchelewa' mara 11. Nimetafuta neno hilo kwenye mahojiano, halimo hata mara moja. Wao wanasema 'nilianza' au 'nilienda'. Kuchelewa ni neno letu la kliniki." Anarudi kubadilisha misimbo yote 11, na anapoibadilisha anaona kwamba akina mama walikuwa na kalenda yao, na tumbo ndilo lililoisoma. Siku nyingine anaandika: "Aliposema watu wana macho nilitikisa kichwa. Sikumuuliza macho ya nani, kwa kuwa nilidhani najua." Nyani haoni kundule, na mzaliwa wa lugha ndiye anayepitwa kirahisi na maneno anayoyajua tangu utotoni. Mahojiano yaliyofuata aliuliza. Kwa yale ya kwanza, ripoti itabaki na utata wake bila kujifanya imeutatua.

Je, watu wawili wasipime kama misimbo yao inalingana? Zipo njia za uchambuzi zinazofanya hivyo. Timu kubwa hukubaliana kwanza kuhusu orodha ya misimbo, kila mmoja anabandika peke yake, kisha ulinganifu hupigiwa hesabu. Hilo linafaa pale misimbo imekusudiwa kutumika sawasawa na watu wengi. Kwa njia niliyoeleza, wauguzi wawili wangelingana kikamilifu kwenye "kuchelewa" na wote wawili wangekuwa wamepofuka. Msomaji wa pili anafaa zaidi akiuliza "umeionaje hiyo?" Mahali pa kuangukia ni kuchanganya njia hizi mbili: kusema dhamira ni tafsiri ya mtafiti, kisha kuleta asilimia za ulinganifu kana kwamba kulikuwa na jibu moja sahihi.

Ukishika ripoti ya aina hii, tazama nukuu kwanza. Zikitoka kwa mama mmoja au wawili tu, uliza wengine walisema nini. Zikiwa ndefu na maelezo ya mtafiti ni mstari mmoja unaorudia yale yale, uchambuzi haujafanyika. Na akikuambia kwamba nusu ya wajawazito wa wilaya wanaogopa kuonekana, amevuka mpaka. Mahojiano 15 hayahesabu wilaya.

Yanachoweza ni kubadilisha swali. Vikapu vinne vingemaliza na pendekezo kwamba akina mama waelimishwe umuhimu wa kuwahi. Lakini mama wa tisa aliujua umuhimu huo, na ndiyo maana alipanda daladala mbili. Dhamira tuliyoifikia inaielekezea zahanati swali lingine: mama aliye na mimba ya wiki nane aingie kwa mlango upi bila mtaa mzima kujua?