Vyeti vya mabaharia katika jedwali moja

Jedwali la umahiri huonyesha kozi ambazo kila mfanyakazi anatakiwa kuwa nazo na hali ya cheti cha kila kozi. Melini kazi hii huanza na vyeo, si na rundo la vyeti. Kwanza huorodheshwa kila cheo kinadai nini kwa mkataba wa STCW wa mwaka 1978 na kwa sheria za nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake. Ndipo majina hupangwa kwenda chini na kozi kwenda kulia. Anayeanza na vyeti huishia na orodha ya vilivyopo, ilhali kinachotafutwa ni kile kinachokosekana.

Katika kila kisanduku huandikwa tarehe iliyosomwa kwenye cheti chenyewe. Daftari la mahudhurio halitoshi, kwa kuwa linamtaja aliyekaa darasani, awe alifaulu au la. Asiye na cheti huandikiwa HANA, na kozi isiyodaiwa na cheo chake huandikwa HAIHUSU. Kisanduku kitupu hakimwambii msomaji lolote.

Kwa kozi inayodumu miaka mitano, yaani miezi 60, fomula ya Excel ni hii:

```
=IF(ISNUMBER(C2),IF(EDATE(C2,60)<TODAY(),"KIMEISHA",IF(EDATE(C2,60)<=TODAY()+90,"KINAKARIBIA","SAWA")),C2)
```

Tarehe ambayo kompyuta imeichukulia kama maneno matupu hujifichua, maana hurudi vilevile badala ya kuleta jibu. Siku na mwezi vikibadilishana nafasi, hata hivyo, fomula haigutuki; hapo dawa ni kulinganisha na cheti tena.

Chukua baharia wa deki, jedwali likisomwa tarehe 1 Machi 2025. Mafunzo yake ya kuzima moto ni ya 12 Mei 2020, hivyo zimebaki siku 72: KINAKARIBIA. Huduma ya kwanza aliisomea mwaka 2016, na bado ni SAWA, kwa sababu STCW haidai irudiwe kila baada ya miaka mitano kama kuzima moto na kujiokoa baharini. (Nchi ya bendera au mwajiri anaweza kudai zaidi.) Cheti cha afya, kipya kuliko vyote, ni cha 20 Februari 2023. Hicho hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo fomula yake hutumia 24 badala ya 60, na jibu ni KIMEISHA. Kama kiliisha akiwa safarini, hubaki halali mpaka bandari inayofuata yenye daktari anayetambuliwa, lakini kisizidi miezi mitatu.

Baharia huyu basi anahitaji daktari kabla ya kupanda meli tena, na nafasi ya kozi ya kuzima moto kabla ya 12 Mei. Jedwali likisomwa kwenda chini, safu ya kuzima moto huonyesha pia wangapi wanaishiwa mwezi huohuo. Waliosoma pamoja huishiwa pamoja, na wote wakipelekwa chuoni kwa mpigo, meli inaweza kukosa idadi ya chini ya mabaharia inayoruhusiwa kung'oa nanga.