Kuweka Prosesa na Feni Yake kwa Mara ya Kwanza

Vikundi kadhaa vinavyofungua ofisi ya kupiga chapa vimetuuliza juu ya kubadilisha prosesa ya kompyuta. Tueleze aina moja, ile ya AMD ya soketi AM4, kwa sababu pini zake ziko chini ya prosesa yenyewe, nazo ni 1331, nyembamba sana. Kwa Intel za kisasa pini ziko ndani ya soketi ya bodi, na hizo usiziguse kabisa.

Zima kompyuta, ng'oa waya wa stima, kisha gusa chuma cha boksi ili umeme wa mwilini utoke. Shika prosesa kwa kingo zake. Kwenye pembe moja utaona pembetatu ndogo ya dhahabu. Soketi pia ina alama kama hiyo. Inua kikono cha soketi kisimame wima, linganisha alama hizo mbili, halafu laza prosesa. Itazama kwa uzito wake tu, bila kusukumwa. Ukiona imeinuka upande mmoja, usibonyeze! Iondoe uangalie.

Hayo yalitokea katika kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea. Prosesa yao ya mitumba ilikataa kukaa ingawa alama zililingana. Tuliishika usawa wa macho mbele ya dirisha, tukatazama mistari ya pini kwa urefu, kisha kwa upana. Mbili za pembeni zilikuwa zimelala. Kijana wao alichukua penseli ya kubonyeza, akatoa risasi yake, akavisha ncha tupu juu ya pini na kuinyanyua polepole, mara moja tu. Pini ikikunjwa huku na huku hukatika, na hapo prosesa huenda ikawa imekwisha. Safari hii ilizama yenyewe, akashusha kikono. Kikono huwa kigumu kidogo tu.

Sasa feni. Futa grisi ya zamani kwa spiriti, weka mpya katikati kiasi cha punje ya choroko. Kwa feni ya skrubu nne, ng'oa kwanza vishikio vya plastiki, ukishikilia bamba la nyuma ya bodi lisianguke. Anza kila skrubu mizunguko miwili, kisha kaza kwa mshazari, kidogo kidogo, mpaka zigome zenyewe. Ukimaliza moja kabla ya nyingine, feni hukaa upande. Chomeka waya wake palipoandikwa CPU_FAN.

Washa, ingia BIOS, tazama joto kwa dakika tano. Likitulia, sawa. Likizidi kupanda kuelekea nyuzi 90, zima: feni haijagusa vizuri.

Na siku ya kuing'oa, washa kompyuta kwanza dakika kumi grisi ilainike, izime na kuchomoa waya wa stima, legeza skrubu, kisha zungusha feni taratibu kabla ya kuinua. Ukiivuta ikiwa baridi, yaweza kutoka na prosesa pamoja, kikono kikiwa bado kimefungwa. Pini nyingi hupinda hivyo.