Idadi ya Siku na Alama: Uchunguzi wa Sonona ya Mama katika Kliniki za Chanjo, Tungue

Makala haya yanaeleza jinsi mhudumu wa chanjo anavyoweza kuchunguza sonona ya mama aliyejifungua kwa kutumia dodoso la PHQ-9. Mfano wetu ni Tungue, kaskazini mwa pwani ya Kabo Delgado. Huko watu huzungumza Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, ilhali lugha rasmi ni Kireno. Kwa hiyo mhudumu hulazimika kuuliza kwa mdomo, na hapo ndipo alama zinapoweza kupotoka.

Kwanza huulizwa maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, mama amekosa hamu ya kufanya mambo? Amekuwa na huzuni au kukata tamaa? Majibu ni "kamwe" (0), "siku kadhaa" (1), "zaidi ya nusu ya siku" (2) na "karibu kila siku" (3). Jumla ikifika 3, huulizwa maswali saba yaliyobaki. Tatizo ni kwamba neno "siku" halibadiliki katika wingi. Hivyo basi, "zaidi ya nusu ya siku" huweza kueleweka kuwa ni kuanzia asubuhi hadi alasiri ya siku moja. Ni salama zaidi kuuliza: "Kati ya siku 14 hizi, ni siku ngapi?" Siku 0 au 1 ni alama 0, siku 2 hadi 6 ni 1, siku 7 hadi 11 ni 2, siku 12 hadi 14 ni 3.

Tuchukue mfano wa mama mwenye mtoto wa miezi miwili. Amekosa hamu siku 4 na amehuzunika siku 9. Jumla ni 3. Kama angejibu kwamba huzuni humjia asubuhi tu, huenda angepewa 1 na kurudishwa nyumbani akiwa na 2. Maswali saba yanaongeza alama 8, naye anafikisha 11. Kuanzia 10 hupewa rufaa, ingawa alama pekee si utambuzi wa ugonjwa. Kuhusu usingizi, aulizwe kama hukosa kulala hata mtoto anapolala.

Swali la tisa, juu ya kutaka kujidhuru, lisingojee jumla. Mama mwenye alama 2 hangefikiwa nalo kabisa. Kwa hiyo aulizwe kila mama, faraghani. Jibu lolote lisilokuwa "kamwe" hudai mazungumzo siku hiyohiyo, na mama asiachwe peke yake.

Ratiba ya chanjo ya Msumbiji ina mahudhurio ya miezi 2, 3 na 4, kisha miezi 9. Mama anayechunguzwa mwezi wa pili huonekana tena mara mbili kwa ukaribu. Anayechunguzwa mwezi wa nne husubiri miezi mitano. Aidha, tangu shambulio la Palma la Machi 2021, familia nyingi zimehama. Alama ibaki katika daftari la kliniki, na kadi ya mtoto ibebe ishara isiyotaja ugonjwa, ili kituo kingine kiendeleze rufaa bila kumfichua mama kwa jamaa.

Tunapendekeza, basi, kwamba fomu ziandikwe kwa idadi ya siku, na uchunguzi uanze mwezi wa pili pale tu ambapo kuna mtaalamu wa kupokea rufaa.