Nguzo ndefu ya kasoro: daftari la mkaguzi wa jinzi linavyosomwa

Katika viwanda vya nguo vya Athi River, kama ilivyo kokote jinzi zinakoshonwa kwa maelfu, kila laini ina mkaguzi mwenye meza, taa kali na daftari. Suruali ikimfikia anaigeuza nje ndani, anapitisha kidole kwenye mishono, na akiona kasoro anaiandika: tarehe, namba ya mashine, aina ya kasoro. Mwisho wa wiki daftari linakuwa na kurasa kadhaa za mwandiko wa haraka. Msimamizi analipekua, jicho linanasa doa kubwa la mafuta lililoandikwa Jumatano kwa wino mwekundu, naye anaanza kugombeza watu kuhusu mafuta. Doa linakumbukwa kwa sababu lilionekana vibaya. Kama ndilo tatizo kubwa la kiwanda, hilo ni swali jingine.

Chati ya Pareto ilibuniwa kwa ajili ya swali hilo jingine. Jina ni la Vilfredo Pareto, mwanauchumi wa Kiitalia aliyechunguza jinsi mapato yanavyogawanyika isivyo sawa kati ya watu, lakini hakuwahi kushughulika na kasoro za viwandani. Aliyelileta jina hilo kiwandani ni Joseph Juran, mhandisi mzaliwa wa Romania aliyeanza kazi ya ubora huko Marekani mwaka 1924. Juran aliona kwamba kila alipohesabu kasoro, aina chache zilibeba sehemu kubwa ya hasara, akaiita kanuni hiyo kwa jina la Pareto. Mwaka 1975 aliandika makala akikiri kwamba jina hilo halikustahili: Pareto alizungumzia mapato tu, na mstari unaopanda kwenye chati una asili yake kwa Max Lorenz, Mmarekani aliyeuchora mwaka 1905. Lakini jina lilikwisha zoeleka.

Tuchukue wiki moja ya kiwanda cha kubuni, chenye laini moja ya jinzi. Takwimu nimeziweka mwenyewe ili hesabu ifuatike, ila aina za kasoro ni zilezile ambazo mkaguzi yeyote wa jinzi atazitambua. Daftari lina kasoro 400. Kazi ya kwanza ni kuzihesabu kwa aina na kuzipanga kuanzia kubwa kwenda ndogo, na pembeni kuandika asilimia inayojumlishwa kadiri unavyoshuka.

| Kasoro | Idadi | Asilimia ya jumlisho |
|---|---|---|
| Mashine kuruka nyuzi | 138 | 34.5 |
| Mshono kufunguka | 96 | 58.5 |
| Nyuzi kuning'inia | 62 | 74 |
| Doa la mafuta | 36 | 83 |
| Mshono kukunjamana | 26 | 89.5 |
| Vipimo kutolingana | 18 | 94 |
| Rangi za vipande kutofautiana | 8 | 96 |
| Nyinginezo | 16 | 100 |

Anayetumia Excel, ikiwa idadi zimekaa safu ya B kuanzia mstari wa 2 hadi wa 9, ataandika hivi mbele ya kasoro ya kwanza na kuiburuta chini:

```
=SUM(B$2:B2)/SUM(B$2:B$9)
```

Chati yenyewe inachorwa hata kwa rula na penseli. Kila kasoro inapewa nguzo, ndefu ikiwa kushoto, na nguzo zote zinagusana. Mhimili wa kushoto unahesabu kasoro kuanzia 0 hadi 400. Mhimili wa kulia unasoma asilimia kuanzia 0 hadi 100, na hapa ndipo wengi wanapokosea: 100 ya kulia lazima ikae kimo kimoja na 400 ya kushoto. Isipokuwa hivyo, mstari wa jumlisho unaelea juu ya nguzo bila uhusiano nazo, na anayetazama anadanganywa na mchoro unaopendeza. Ukichorwa sawasawa, mstari unaanzia kwenye kona ya juu kulia ya nguzo ya kwanza na kupanda taratibu hadi kileleni. "Nyinginezo" hukaa mwisho daima, hata ikiwa inazidi nguzo zilizo kabla yake, kama hapa. Ikianza kushindana na nguzo za mbele, ni dalili kwamba mkaguzi anatupa humo kila asichokuwa na jina lake, na daftari linahitaji kurekebishwa kabla ya chati.

Watu wanaotarajia asilimia 20 ya aina ilete asilimia 80 ya kasoro watavunjika moyo. Hapa aina tatu zinaleta asilimia 74. Hakuna sheria ya maumbile inayodai 80 na 20. Kinachotafutwa ni mahali mstari unapoacha kupanda kwa kasi na kuanza kulala.

Basi nguzo ya kwanza ni kuruka nyuzi, kasoro 138. Je, fundi mitambo azigawane mashine zote za laini? Hapana. Daftari lina safu ya namba ya mashine, kwa hiyo nguzo hiyo inaweza kupasuliwa na kuchorewa chati yake peke yake. Tuseme tumefanya hivyo, na mashine namba 7 peke yake ikatoa 81. Hiyo ndiyo inayoshona mshono wa ndani wa mguu kwa mshono wa mnyororo.

Mshono wa mnyororo una tabia moja inayobadilisha hesabu yote. Cherehani ya kawaida hufunga uzi wa juu na wa chini ndani ya kitambaa, na pindo moja likikosekana, yale ya jirani bado yanashika. Kwenye mnyororo kila pindo linashikwa na linalofuata. Moja likirukwa, uzi ukivutwa unafumuka. Mkaguzi akiikuta suruali mapema anaandika "kuruka nyuzi". Akiikuta baada ya kuvutwavutwa mezani anaandika "mshono kufunguka". Ukipasua nguzo ya pili, tuseme 70 kati ya mishono 96 iliyofunguka iko kwenye ule ule mguu wa ndani. Nguzo mbili zenye majina mawili, kumbe chanzo ni kimoja, nacho kinabeba kasoro 151 kati ya 400. Chati inahesabu majina aliyoyaandika mkaguzi. Vyanzo haivioni, na anayeisoma ndiye anayepaswa kujua mashine inafanyaje kazi.

Fundi naye ana swali lake: nyuzi zinarukwa wapi? Zikirukwa kila mara pale mishono inapokutana kwenye goko, ambapo kitambaa kina matabaka mengi, sindano inapinda inapopenya na ndoano inayopokea uzi chini inapita bila kuukuta. Dawa ni sindano nene zaidi au mwendo wa polepole mahali hapo. Zikirukwa ovyo mguu mzima, huenda sindano imechakaa au imefungwa upande, au mwendo wa ndoano na sindano umepishana na unahitaji kusetiwa upya. Safu moja zaidi kwenye daftari, ya mahali kasoro ilipo, ingemwokolea nusu siku.

Mpaka hapa tumehesabu kasoro kana kwamba zote zina uzito mmoja. Uzi unaoning'inia unakatwa kwa mkasi, na kazi imeisha. Suruali iliyopungua kiuno baada ya kuoshwa haina dawa. Inauzwa kama daraja la pili. Tuipe kila kasoro bei ya hasara. Uzi unaoning'inia, shilingi 5. Kurudia mshono uliorukwa, 40, na uliofunguka, 50. Kuondoa doa, 60, na kufumua mshono uliokunjamana na kuushona upya, 70. Nyinginezo tuzikadirie 50. Suruali inayoshuka daraja, iwe kwa vipimo au kwa rangi, shilingi 700.

Zidisha, panga upya, na chati inageuka juu chini. Vipimo, vilivyokuwa nafasi ya sita kwa kasoro 18, vinapanda hadi ya kwanza kwa shilingi 12,600, zaidi ya theluthi ya hasara yote ya shilingi 33,610. Rangi kutofautiana, kasoro 8 tu, inashika nafasi ya pili kwa shilingi 5,600, ikiipita kwa shilingi chache kuruka nyuzi yenye 5,520. Nyuzi zinazoning'inia, zilizokuwa nguzo ya tatu, zinaanguka hadi shilingi 310.

Nimewahi kusikia ikibishaniwa ipi kati ya chati hizi mbili ndiyo ya kweli. Ubishi huo hauna faida. Chati ya idadi inamfaa msimamizi wa laini, kwa kuwa inamwonyesha kazi ya washonaji inakatizwa na nini kila saa. Ya shilingi ni ya anayeamua fedha za matengenezo ziende wapi. Hatari ni kutundika moja ukutani na kusahau kuandika juu yake ni ya nini na ya wiki ipi. Na bei hizo ni makadirio: kama daraja la pili lingepoteza shilingi 500 badala ya 700, vipimo vingebaki juu, lakini rangi ingeshuka hadi nafasi ya nne. Nguzo zinazokaribiana namna hiyo zisishindanishwe kwa nafasi.

Sasa tazama nguzo mbili za mbele za chati ya shilingi. Vipimo na rangi vinaonekana baada ya kuoshwa, na si kosa la mshonaji. Kitambaa cha jinzi hunywea kikioshwa, na roli mbili za agizo moja zinaweza kunywea tofauti; ndiyo maana vyumba vya kukatia vilivyo makini huosha kipande cha kila roli kwanza, kisha huzipanga roli kwa makundi na kila kundi hukatwa kwa patani yake. Rangi nayo hutofautiana roli kwa roli, na mguu wa kushoto ukikatwa kwenye roli moja na wa kulia kwenye nyingine, tofauti inajitokeza baada ya maji. Hilo huzuiwa kwa kubandika namba kwenye vipande vya kila tabaka ili vishonwe pamoja.

Kwa hiyo hasara kubwa kuliko zote huenda inazaliwa kwenye chumba cha kukatia, huku daftari likiwa na namba za mashine za kushona tu. Ukizipasua kasoro 18 za vipimo kwa mashine, zitasambaa sawasawa, nguzo fupi fupi zinazolingana. Nguzo zikilingana hivyo, kigezo ulichotumia kuzigawa hakihusiani na chanzo, basi jaribu kingine. Hapa kigezo hicho ni namba ya roli, ambayo mkaguzi hana pa kuiandika. Vitu viwili vinahitajika kabla ya wiki ijayo kuanza: stika ya namba ya roli inayobaki kwenye vipande hadi mwisho wa laini na isiyotoka kwa maji, na safu mpya kwenye daftari, kando ya ile ya mashine.