Jicho la Tatu: Kutoka Moto wa Shiva hadi Tezi ya Ubongoni

Miungu ya Kihindu ilikuwa taabani. Jitu liitwalo Taraka lilikuwa limewashinda wote, na aliyepangiwa kuliua alikuwa mtoto wa Shiva, ambaye hata kuzaliwa alikuwa bado. Shiva mwenyewe alikuwa amefiwa na mkewe, amejitenga milimani, amezama katika tafakuri. Basi miungu ikamtuma Kama, mungu wa mapenzi, mwenye upinde wa muwa na mishale ya maua, akamwamshe ili ampende Parvati. Kama akalenga. Shiva akahisi moyo wake umetikisika, akamtafuta aliyeutikisa, na jicho lililo katikati ya paji lake likafunguka. Moto ukatoka, Kama akawa majivu.

Wengi wanaoimba sifa za jicho la tatu leo huisahau hadithi hii, ingawa ndiyo inayoeleza maana yake vizuri zaidi. Jicho la Shiva halikufunguka ili aone ya kesho wala siri za jirani. Lilifunguka likachoma tamaa. Hata hivyo Shiva hakuyafuta mapenzi duniani: baadaye alimwoa Parvati, mtoto wao akamuua Taraka, na Kama akaendelea kuwapo bila mwili. Kilichoungua ni uwezo wa tamaa kumshika mtu bila yeye kujua.

Mafundisho ya yoga yaliliingiza jicho hilo katika mwili wa binadamu wa kawaida. Kati ya nyusi, wanasema, kuna kituo kiitwacho ajna, kinachochorwa kama ua lenye petali mbili. Matini mashuhuri inayovieleza vituo hivi iliandikwa na Purnananda wa Bengal mwaka 1577. Humo, nguvu iliyolala chini ya uti wa mgongo huamshwa na kupandishwa kituo baada ya kituo, na mikondo miwili inayopita kushoto na kulia hukutana na wa katikati hapo kwenye ajna. Kwa hiyo kulifungua ni hatua ya karibu na mwisho wa safari ndefu yenye maadili, pumzi na mwalimu. Anayelianza peke yake kwa kukodoa macho kuelekea nyusi hupata kwanza uchovu wa macho na kuumwa kichwa, na ule mkazo wa misuli ya paji ni rahisi kuudhania kuwa ishara.

Kwa Wabudha jambo ni tofauti kidogo. Nundu ndogo katika paji la sanamu za Buddha si jicho. Kwa asili ni kishungi cha nywele nyeupe, mojawapo ya alama 32 za mtu mkuu. Jicho wanalolizungumzia ni jicho la kimungu. Usiku alipopata mwanga, Buddha anasimuliwa kuwa katika zamu ya pili aliona viumbe wakifa na kuzaliwa upya, kila mmoja kwa kadiri ya matendo yake. Alichokiona, basi, ni uhusiano wa tendo na tokeo lake, na maono hayo hayakuwa mwisho: ukombozi ulikuja katika zamu ya tatu. Ndiyo maana sheria za watawa ni kali hapa. Mtawa anayejua kuwa hana uwezo huo, kisha akadai anao, hufukuzwa utawani moja kwa moja. Waliotunga sheria hiyo waliwajua binadamu vyema.

Huko Ulaya jicho lilipewa kiungo. Mwaka 1649 Mfaransa Descartes aliandika kuwa makao ya roho ni tezi ya pinea, iliyo ndani kabisa ya ubongo. Kisha mwaka 1886 Baldwin Spencer akaeleza jicho dogo lililo juu ya kichwa cha tuatara, mtambaazi wa New Zealand, lenye uhusiano na tezi hiyo. Miaka miwili baadaye Helena Blavatsky, aliyeshiriki kuanzisha Chama cha Theosofia, akachapisha kitabu kinachodai kuwa watu wa kale walikuwa na jicho la tatu, likasinyaa na kuwa tezi ya pinea. Hapo Shiva, yoga na anatomia vilifungwa pamoja, na kifurushi hicho ndicho kinachouzwa hadi leo.

Mwaka 1956 kikapata muuzaji hodari. Lobsang Rampa, aliyejiita lama wa Tibet, alisimulia kwamba utotoni watawa walimtoboa paji na kupenyeza kijiti, naye akaanza kuona rangi za nafsi za watu. Wataalamu wa Tibet walikodi mpelelezi, na mwaka 1958 ikabainika kuwa ni Cyril Hoskin, Mwingereza, mtoto wa fundi bomba wa Devon. Alijitetea kwamba roho ya lama imeuingia mwili wake, na akaendelea kuuza vitabu.

Mwaka huohuo Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walitangaza kemikali waliyoikamua kutoka tezi za pinea za ng'ombe: melatonini, ambayo hutolewa gizani na kuuarifu mwili kuwa ni usiku. Kadiri mtu anavyozeeka, tezi hiyo hujikusanyia chembe za chokaa, na madaktari huziona mara kwa mara katika picha za vichwa vya watu wazima wenye afya njema. Wapo wanaouza dawa za kuiondoa chokaa hiyo ili "jicho lifunguke". Purnananda, katika maelezo yake yote ya ajna, hakuagiza dawa yoyote.