Taa za minara ya baharini

Taa ya mnara wa baharini ni chanzo cha mwanga kinachowekwa juu ya mnara ili mabaharia watambue usiku mahali walipo na kuepuka miamba. Nchini Tanzania minara hiyo iko pwani na visiwani, kwa mfano kisiwa cha Chumbe, kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Moto wa wazi

Taa za kwanza zilikuwa moto tu. Mnara wa Aleksandria huko Misri, uliojengwa katika karne ya 3 KK, ulikuwa na moto kileleni. Katika kisiwa cha May, Uskoti, makaa ya mawe yaliwashwa ndani ya kikapu cha chuma tangu mwaka 1636, na kwa mwaka yaliweza kufika tani 400 hivi.

Hata hivyo, moto mkubwa si lazima uwe taa nzuri. Mwanga wake huenda pande zote, hata angani na chini ya mnara ambako hakuna chombo. Upepo huulaza na mvua huufifisha. Tena haujitofautishi na moto mwingine. Mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero yanapochomwa kabla ya kukatwa, anayeona wekundu kutoka mbali hawezi kusema ni shamba lipi. Desemba 1810 manowari mbili za Uingereza, Nymphe na Pallas, zilivunjikia pwani ya Uskoti usiku mmoja, kwa sababu moto wa tanuri la chokaa ulidhaniwa kuwa ule wa kisiwa cha May. Mwaka 1816 makaa ya kisiwa hicho yaliachwa, zikawekwa taa za mafuta.

Utambi na kioo cha kuakisi

Taa hizo zilitokana na kazi ya Mswisi Aimé Argand. Katika miaka ya 1780 alitengeneza utambi wa mviringo, ulio wazi katikati, na kuufunika kwa chemni. Hewa ilipita ndani na nje ya mwali, hivyo mafuta yaliungua vizuri, kwa masizi machache. Nyuma ya mwali kiliwekwa kioo cha umbo la parabola, kama kikombe cha tochi, kurudisha mwanga mbele. Lakini kioo hicho nacho kilimeza sehemu kubwa ya mwanga, na mwanga uliotoka moja kwa moja mbele ya mwali uliendelea kutawanyika.

Lenzi ya Fresnel

Mfaransa Augustin Fresnel aliamua kupinda mwanga badala ya kuuakisi. Lenzi ya kawaida yenye upana wa kutosha ingekuwa nene na nzito mno, na unene huo ungepunguza mwanga. Fresnel aliona kwamba kinachopinda mwanga ni mwinamo wa uso wa kioo, si unene wake. Kwa hiyo alibakiza mwinamo na kuondoa kioo kisicho na kazi, akapata pete nyembamba zilizozunguka lenzi ndogo ya katikati. Lenzi yake ya kwanza ya mnara iliwashwa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Baadaye pete za kioo za pembe tatu zilikusanya pia mwanga wa juu na wa chini.

Mwali ulipaswa kukaa mahali pake hasa. Katika lenzi za daraja la kwanza umbali kutoka kiini cha mwali hadi lenzi ni milimita 920. Kiini kikipanda milimita 16 tu, mwonzi huinama kwa nyuzi 1. Kwa taa iliyo mita 36 juu ya bahari, katikati ya mwonzi huo itaangukia majini yapata kilomita 2 kutoka mnara, na meli za mbali zitapata mwanga hafifu. Ndiyo maana watunza taa walipima kimo cha mwali kila usiku.

Lenzi ilipozungushwa kwa mashine ya saa, meli iliona mimweko. Kila mnara ukapewa mpangilio wake, na kosa la mwaka 1810 likawa gumu kurudiwa. Kilichobaki ni ukungu na mviringo wa dunia: kutoka mita 36 upeo wa macho uko kilomita 21 hivi, hata taa iwe kali vipi. Baharia aliye mita 4 juu ya maji huongeza kilomita 7.

Chumbe

Mnara wa Chumbe ulijengwa na Waingereza mwaka 1904. Mwaka 1926 ulipewa taa ya gesi ya asetilini ya mfumo wa AGA, uliobuniwa na Msweden Gustaf Dalén, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1912. Mfumo huo hutoa gesi kidogo kidogo ili taa imweke. Vali yake ya jua ina fimbo nyeusi kati ya fimbo zinazong'aa: mchana ile nyeusi hupata joto zaidi, hurefuka na kufunga gesi, jioni hupoa na kuifungua. Kazi ya kuwasha na kuzima kila siku ikaisha. Nyumba ya mtunza taa sasa ni kituo cha wageni wa hifadhi ya matumbawe.