Mwenzenu akihamia Minnesota, kikao cha asubuhi kihamie saa ngapi?

Vijana wetu wengi wa Pwani walioko Nairobi wamepanga nyumba za Eastlands: Umoja, Donholm, Buruburu, Kayole. Baadhi yao huandika programu za kompyuta, na kila siku ya kazi hukutana kwa simu au kompyuta katika kikao kifupi wanachokiita stendapu, yaani kikao cha kusimama. Hakizidi dakika 15. Kila mmoja husema amefanya nini, atafanya nini, na nini kimemkwamisha. Kisha kila mtu anarudi kazini.

Kikao hiki huwa hakina taabu mpaka mmoja wao ahamie mbali. Hapo kiongozi hulazimika kuandika ujumbe wa kutangaza saa mpya, na ujumbe huo ukiandikwa ovyo, watu wanakosana kwa jambo la robo saa.

Tuchukue mfano. Timu ina watu sita: wanne wako Eastlands, mmoja yuko Mombasa, na wa sita amehamia Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, waliko Wakenya na Wasomali wengi. Kikao chao kilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Wakati wa kiangazi Minneapolis iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hivyo kikao kinamwangukia mwenzao saa saba na nusu usiku. Hakuna wa kulaumiwa, lakini saa hiyo haifai tena.

Wazo la kwanza ni kukisogeza hadi saa kumi na moja jioni, ambapo kule ni saa tatu asubuhi. Kwa aliyehama ni raha. Kwa wa Eastlands ni shida, kwa sababu anayefanya kazi mjini anatakiwa awe steji saa hiyo, kabla Jogoo Road na Outering hazijafunga na nauli haijapanda. Akikingoja kikao kiishe, anafika Kayole usiku. Na magharibi ya Nairobi, mwaka mzima, ni karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hivyo anayefunga Ramadhani atafuturia ndani ya matatu.

Saa kumi na nusu alasiri inagawanya mzigo vizuri zaidi. Kule ni saa mbili na nusu asubuhi, na huku kikao kinakwisha saa kumi na moja kasorobo, watu wakafunga kazi na kuondoka. Lakini kuna mtego.

Kenya haibadilishi saa zake. Marekani hubadilisha mara mbili kwa mwaka: husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi, na kurudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka huu wa 2026 watarudisha tarehe 1 Novemba. Kuanzia hapo tofauti yetu na Minneapolis inakuwa saa 9 badala ya 8, mpaka 14 Machi 2027. Basi saa mojawapo lazima isogee: ama ya Nairobi, ama ya Minneapolis. Ujumbe usiosema ni ipi umeacha ugomvi uiva mpaka Novemba.

Katika mfano wetu, kiongozi anaamua saa ya Nairobi isimame, kwa kuwa watano kati ya sita wako huku na hawana pa kukimbilia ile foleni. Anayelipa ni mmoja: kuanzia Novemba ataingia kikaoni saa moja na nusu asubuhi, na mwezi wa Desemba saa hiyo jua la Minneapolis halijachomoza. Ndiyo maana aliyehama huulizwa kwanza, faragha, kabla ya tangazo kufika kwa wote. Pengine ana mtoto wa kupeleka shule saa hiyo hiyo, na jambo hilo hawezi kulisema mbele ya watu baada ya uamuzi kutangazwa.

Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

"Jamaa, habari za kazi. Kuanzia Jumatatu 14 Septemba 2026 kikao chetu kitakuwa saa kumi na nusu alasiri ya Nairobi (16:30), dakika 15. Kwa mwenzetu wa Minneapolis ni saa mbili na nusu asubuhi (08:30). Saa ya Nairobi haitabadilika. Marekani wakirudisha saa zao, kuanzia Jumatatu 2 Novemba kwake itakuwa saa moja na nusu asubuhi (07:30). Nimezungumza naye na amekubali. Aliyekwama asingoje alasiri: aandike kwenye kundi mapema, kabla ya saa tatu asubuhi. Ijumaa 9 Oktoba tutaangalia kama saa hii inatufaa. Ambaye haimfai na aniambie mimi kabla ya Ijumaa hii."

Tazama saa zilivyoandikwa. Sisi tukisema saa kumi na nusu tunaelewana, lakini ukiandika "saa 10:30" aliyezoea saa ya Kizungu atakuja kukingoja kikao asubuhi. Neno la Kiswahili pamoja na 16:30 humaliza utata.

Tazama pia ile sentensi ya aliyekwama. Kikao kilipokuwa asubuhi, mtu wa Umoja aliyekwama alisaidiwa na wa Buruburu siku hiyo hiyo. Kikihamia alasiri, akingoja kikao atasaidiwa kesho yake, na siku nzima imepotea. Hasara hii haionekani siku ya kwanza. Utaijua ukiona watu wanaleta kikaoni jambo lililowakwamisha tangu saa tatu asubuhi.

Na maswali ya kikao nayo yabadilike kidogo. Saa kumi na nusu, wa Nairobi anafunga siku na wa Minneapolis anaifungua, kwa hivyo "leo utafanya nini" haina maana moja kwao. Ni bora kuuliza: umefanya nini tangu kikao kilichopita, na utafanya nini kabla ya kijacho? Ijumaa hasa, wa Minneapolis anabaki na siku nzima ya kazi wenzake wakiwa wameshafunga, kwa hivyo anachohitaji kutoka kwao akiombe kabla hawajaondoka.

La mwisho ni kalenda ya simu. Kikao hufungwa kwenye eneo moja la saa. Hapa liwe `Africa/Nairobi`. Aliyehama akikitengeneza yeye kwenye simu yake, huenda kikafungwa kwenye `America/Chicago`, ambalo ndilo eneo la Minneapolis. Septemba na Oktoba hakuna atakayegundua, kwa sababu saa zitalingana. Tarehe 2 Novemba kikao kitaruka hadi saa kumi na moja na nusu jioni ya Nairobi, na watu watano watakuwa barabarani.

Kulijua hilo mapema ni rahisi. Siku ile ile ya kutuma ujumbe, fungua kalenda usogee mpaka 2 Novemba. Simu iliyoko Nairobi ikionyesha 16:30, uko sawa. Ikionyesha 17:30, futa kikao hicho, ukitengeneze upya kwa saa ya Nairobi, kisha umwombe wa Minneapolis atazame simu yake: aone 07:30.